SUMIFS inatoa jumla pungufu: pesa zimejificha kwenye makundi matupu na yaliyokosewa

*"Wakuu, nina shiti ya matumizi ya duka, mistari inapita elfu moja. Nimetengeneza ukurasa wa muhtasari kwa COUNTIFS na SUMIFS, lakini jumla ya muhtasari haifiki jumla ya shiti yenyewe. Kuna mistari vijana wameacha kundi tupu, mingine wameandika ovyo. Naanzia wapi?"*

Mkuu, hili limenitoa jasho, tena mbele ya bosi. Natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi huku Tabata. Nilimpelekea muhtasari wa Januari hadi Machi, akafurahi kuona usafiri umeshuka mwezi wa tatu. Mimi nami nikafurahi. Wiki moja baadaye nikagundua usafiri haukushuka hata kidogo. Kijana mpya aliyeanza kujaza shiti Machi alikuwa anaandika "Usafili". SUMIFS haijui kwamba huyo ni Usafiri yuleyule, inamruka na haikwambii kitu. Ingetoa kosa jekundu ningeshtuka mapema, ila yenyewe inakupa namba safi kabisa iliyo pungufu.

Kwa hiyo kabla hujagusa fomula nyingine, weka mstari wa ulinganisho chini ya muhtasari wako. Shiti yangu inaitwa Miamala: A ni tarehe, B maelezo, C kundi, D kiasi. Muhtasari una makundi kwenye safu A na kiasi kwenye safu C, kuanzia mstari wa 4 hadi wa 9.

```
=SUM(Miamala!D:D)-SUM(C4:C9)
```

Jibu lisipokuwa sifuri, kuna pesa haimo kwenye kundi lolote. Kwangu shiti ilikuwa na mistari 1,412 na jumla ya 38,640,000, na muhtasari ukasema 34,915,000. Pengo 3,725,000. Hizo ni hela za watu, siyo makosa ya kuzungusha senti.

Ukishaliona pengo, usianze kusoma mistari mmoja mmoja. Ligawe kwanza. Anza na yaliyo matupu:

```
=COUNTIFS(Miamala!C:C,"",Miamala!D:D,"<>")
=SUMIFS(Miamala!D:D,Miamala!C:C,"")
```

Sharti la pili kwenye COUNTIFS lina kazi. Ukiandika `C:C,""` peke yake, itakuhesabia seli zote tupu hadi mwisho wa shiti, na shiti ya Excel ina mistari 1,048,576. Ile `"<>"` kwenye safu D inasema: hesabu tu pale penye kiasi. SUMIFS haina shida hiyo, kwa sababu huko chini hakuna cha kujumlisha.

Kuna mtego mwingine hapa ambao wengi wanaingia. Mtu anaacha jina la kundi tupu kwenye muhtasari, tuseme A10, halafu anaandika `SUMIFS(...,A10)` akitegemea itamletea miamala isiyo na kundi. Haitaleta. Sharti likielekezwa kwenye seli tupu, Excel inalisoma kama 0, kwa hiyo inatafuta miamala ambayo kundi lake ni sifuri. Andika `""` mwenyewe ndani ya fomula.

Matupu yangu yalikuwa mistari 41, jumla 1,180,000. Kumbe kulikuwa na mingine 6 ya 215,000 ambayo kwa macho ni mitupu, lakini kijana alikuwa amebonyeza kitufe cha nafasi akapita. Kwa Excel nafasi ni maandishi kama maandishi mengine, kwa hiyo `""` haikuikamata. Zilizobaki, mistari 58 ya 2,330,000, ndizo zilizokosewa uandishi.

Hapo nilitegemea nitakuta "Usafili" na "Vibalua" vimejaa. Vilikuwepo, lakini kwa mistari 25 tu, shilingi 910,000. Mistari 33 yenye 1,420,000 ilikuwa imeandikwa Usafiri, herufi zote sawasawa. Nikaikodolea macho. Nikaandika pembeni `=LEN(C212)` ikanipa 8. Hesabu herufi za Usafiri: ni 7. Ya nane ilikuwa nafasi mwishoni, baada ya i. Herufi kubwa na ndogo hazina neno, "USAFIRI" na "usafiri" kwa SUMIFS ni kitu kimoja. Nafasi ndiyo inayoharibu, na huwezi kuiona.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu sikushauri uitumie. Niliweka nyota: `"Usafiri*"`, maana yake chochote kinachoanza na Usafiri. Pengo likapungua, nikajiona mjanja, nikaweka nyota kila mahali. Sasa sisi tuna Mafuta, yaani dizeli ya kirikuu na jenereta. Lakini vijana wanapika pale dukani mchana, na mara nyingine kwenye kundi wanaandika "Mafuta ya kupikia" badala ya Chakula. Nyota ikayazoa yote ikayatia kwenye dizeli. Mbaya zaidi, ulinganisho ukazidi kukaribia sifuri, kwa sababu kila shilingi ilikuwa imepata mahali pa kukaa, hata kama ni mahali pasipo pake. Ulinganisho unakwambia hakuna kilichoachwa nje. Kama kilichoingia kiko mahali pake, hilo haujui.

Ninachofanya sasa ni kuongeza safu mbili kwenye Miamala, na safu C siigusi kabisa. Iache kama vijana walivyoiandika, ili kesho mtu akiuliza uweze kumwonyesha. Safu E inasafisha nafasi:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," "))
```

TRIM inaondoa nafasi za mwanzo na mwisho. Hiyo `CHAR(160)` ni nafasi ya aina nyingine, huja ukinakili vitu kutoka kwenye kurasa za mtandao, na TRIM peke yake haiiondoi. Kama shiti yako inajazwa kwa mkono tu huenda usikutane nayo, lakini kuiweka hakukugharimu kitu.

Safu F ndiyo inayotoa kundi la kweli. Tengeneza shiti nyingine uiite Makundi. Safu A andika namna zote ambazo watu wameandika, safu B andika jina sahihi. Usafili, Usafiri. Vibalua, Vibarua. Vibaruwa, Vibarua. LUKU, Umeme. Mafuta ya kupikia, Chakula. Jina sahihi nalo liwemo upande wa A, likijielekeza lenyewe: Usafiri, Usafiri. Mimi niliyasahau hayo siku ya kwanza, nikaona duka zima limegeuka kuwa halijulikani.

```
=IF(E2="","(Bila kundi)",IFERROR(VLOOKUP(E2,Makundi!$A$2:$B$60,2,FALSE),"(Halijulikani)"))
```

Hiyo `FALSE` usiisahau. Ukiiacha, VLOOKUP itakupa kinachokaribiana badala ya kilicho sawa, na tutarudi kulekule.

Sasa muhtasari unasoma safu F, siyo C tena. Kwenye safu A ongeza mistari miwili chini ya makundi yako, mstari wa 10 na wa 11, yenye majina hayohayo, (Bila kundi) na (Halijulikani), kisha fomula ni moja kutoka juu hadi chini:

```
=COUNTIFS(Miamala!$F:$F,$A4)
=SUMIFS(Miamala!$D:$D,Miamala!$F:$F,$A4)
```

Usisahau kurefusha ulinganisho ufike `C11`. Kwangu baada ya hapo ukasoma sifuri, (Bila kundi) ikaonyesha mistari 47 ya 1,395,000, na Usafiri ikapanda hadi pale ilipostahili. Kijana mwingine akibuni tahajia mpya kesho, itaangukia (Halijulikani), utaiona, utaiongeza kwenye Makundi mara moja na haitakusumbua tena. Ibadili Miamala kuwa jedwali kwa Ctrl+T ili safu E na F zijijaze zenyewe mstari mpya ukiongezwa. Zisipojijaza, ulinganisho utakushtua.

Kuna kitu kimoja ambacho ulinganisho hautakushtua. Sisi huku tumezoea kuandika 45,000/= kwenye risiti, na vijana wanaihamishia hivyohivyo kwenye safu ya kiasi. Kwa Excel hayo ni maandishi, siyo namba. SUMIFS inayaruka, na SUM nayo inayaruka, kwa hiyo pande zote mbili zinakosa kiasi kilekile na tofauti inabaki sifuri. COUNTIFS lakini inaendelea kuhesabu mstari huo. Ndivyo nilivyoshtuka: guta safari 12, jumla ndogo mno kwa safari 12 kutoka Kariakoo. Weka ukaguzi wake peke yake:

```
=COUNTA(Miamala!D:D)-1-COUNT(Miamala!D:D)
```

COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu, COUNT inahesabu zenye namba tu, na hiyo moja ni kichwa cha safu. Jibu lolote juu ya sifuri ni idadi ya viasi vilivyoandikwa kama maandishi. Kwangu vilikuwa vinne. Kwa haraka utavitambua kwa macho pia, maana namba hukaa kulia mwa seli na maandishi hukaa kushoto, ilimradi mtu hajapanga safu yote katikati kwa ajili ya urembo.

Kuhusu kuzuia tangu mwanzo, weka Data Validation ya aina ya List kwenye safu C ili wachague badala ya kuandika. Inasaidia sana, ila haizuii mtu kunakili na kubandika kutoka shiti nyingine, wala haimlazimishi anayeruka seli bila kuigusa. Safu E na F zibaki hata ukiwa nayo.

Matupu hayatibiki kwa fomula. Nilikaa na vijana jioni mbili, simu mkononi, tukilinganisha tarehe na ujumbe wa malipo. Katika ile 47, mistari 38 tukaipatia kundi. Tisa, jumla 164,000, hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya nini. Mmoja alishauri tuiite "Mengineyo" yaishe. Nilikataa, nikaiacha kwenye (Bila kundi) palepale kwenye ukurasa wa bosi, na ndiyo mstari wa kwanza aliouliza.