Korosho imeanguka: nifumbue au niendeleze?

*Shikamoo Shangazi. Nipo Mikindani, nina miaka 29, ni mtalaka, eda nilimaliza mwaka jana. Kwenye harusi ya ndugu yetu kule Lindi nilikutana na kaka mmoja, tukapeana namba. Akakaa kimya wiki nzima, halafu jana usiku akanitumia mstari huu tu, hakuna salamu wala jina: "Korosho imeanguka, mwokotaji yuko wapi?" Sijui ni wimbo au katunga mwenyewe. Anataka nimwambie maana yake au niuendeleze? Dada yangu anasema ananikejeli kwa kuwa nimeachika. Nimjibuje?*

Marahaba mwanangu. Kabla ya kuhesabu nia ya mtu, hesabu mizani za mstari wake, yaani silabi zake. Ko-ro-sho-i-me-a-ngu-ka, nane. Mwo-ko-ta-ji-yu-ko-wa-pi, nane tena. "Mwo" ni mizani moja na "ngu" ni moja. Hapo ndipo wengi hukosea wakapata tisa. Jumla ni 16, na koma imekaa katikati kabisa, kati ya ukwapi, kipande cha kwanza, na utao, kipande cha pili. Huo ni mshororo wa shairi la kawaida, lile la mistari minne kwa ubeti. Maneno ya wimbo wa redioni hayana haja ya kulingana hivyo, kwa sababu mwimbaji huvuta sauti pale silabi zinapopungua. Hata hivyo andika mstari wote kwenye sehemu ya kutafutia, uuzungushie alama za mtajo, uone kama kuna wimbo unaotokea. Tazama pia juu ya ujumbe wenyewe kama kuna kale kamshale kanakoonyesha umetoka kwa mtu mwingine. Kama hakuna wimbo wala mshale, mchukulie kuwa katunga.

Sasa tazama vina. Kina cha kati ni "ka", na hicho ni rahisi kwa sababu vitenzi vyake havihesabiki: fika, taka, shika, cheka. Kina cha mwisho ni "pi", na hapo ndipo alipokutegea. Maneno ya kawaida yenye "pi" ni machache: wapi, vipi, yupi, lipi, fupi, makapi. Anayeuendeleza mstari huo hana pa kukimbilia, atajikuta naye anauliza swali. Mtunzi mwenye sikio hilo anajua alichofanya. Mtu anayetaka ufumbuliwe humaliza kwa tamko na kukuachia fumbo, lakini huyu kamaliza kwa alama ya kuuliza na kina kinachozaa maswali. Kwa hiyo anataka kuendelezewa. Kujibizana kwa beti si jambo jipya: washairi wa gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, waliulizana na kujibizana humo kwa miaka mingi, na kawaida anayejibu hushika bahari ile ile, yaani mtindo ule ule wa shairi.

Kuhusu kejeli, dada yako kausoma mstari kama vile unasema embe. Embe lililoanguka limepasuka na sisimizi wameshalifikia. Korosho haichumwi, huokotwa. Mwenye haraka akiiangua mtini na bibo lake bichi, anapata korosho changa, isiyojaa. Iliyokomaa huanguka yenyewe, mwenye shamba akaikuta chini, akaitenganisha na bibo, akaianika. Inayoharibika ni ile iliyoachwa chini siku nyingi ikanyeshewa. Hiyo hushuka daraja. Mtu wa Lindi au Mtwara akisema korosho imeanguka, anasema imeiva na wakati wake umefika. Tena hajasema korosho ni nani. Yawezekana ni wewe, na yawezekana ni yeye mwenyewe ndiye aliyeanguka siku ile ya harusi na sasa anatafuta wa kumwokota. Kejeli ningeihofia kama mstari ungekuwa kwenye stetasi, mahali ambapo wifi zako wa zamani wanaweza kuusoma. Huu umekuja kwako peke yako.

Usimfumbulie. Ukiandika "unamaanisha unanipenda?" au "kwa hiyo unaniita mtalaka?" utakuwa umemwonyesha kilicho moyoni mwako, na yeye bado hajasema chochote cha kukamatwa nacho. Akitaka kuruka atasema alikuwa anazungumzia shamba la babu yake. Vilevile usimrushie kiitikio cha wimbo wa mapenzi, maana hapo umeshakubali kabla hujaulizwa.

Mwulize, lakini mwulize ndani ya vina vyake. Mstari huu unatosha:

*Salamu imenifika, wataka jibu la vipi?*

Uhesabu: nane na nane, "ka" na "pi". Haukubali wala haukatai, na hata akiupiga picha na kuwaonyesha wenzake, hakuna wa kukucheka. Mshairi akiuona atajua amepata mtu wa kujibizana naye, na atakuambia mwenyewe kama anataka maana au ubeti. Asiyejua shairi, yule aliyeokota mstari mahali, atakujibu "hahaha poa, mambo?" na hapo mazungumzo yaendelee kwa maneno ya kawaida, si dhambi, lakini umeshajua mstari haukuwa wake.

Akijibu kwa mstari wa tatu wenye vina vile vile, funga ubeti kwa huu:

*Kwanza nipate hakika, je mwenye shamba ni yupi?*

Huo ndio mstari wenye kazi. Korosho iliyo chini ya mkorosho ina mwenyewe, na kuokota shambani kwa mtu ni wizi hata kama zimetapakaa. Kama korosho ni yeye, umemuuliza ana mke au hana. Kama korosho ni wewe, umemkumbusha kwamba una wazee na kuna mlango wa kubisha. Jibu lake ndilo litakalokuambia korosho alimaanisha nani, bila wewe kufumbua lolote. Akisema shamba halina mwenyewe, anajizungumzia, na hapo mwulize wazi, kwa nathari, kama ameoa. Swali hilo usiliache ndani ya fumbo hata kidogo. Akiuliza nyumbani kwenu ni mtaa gani na baba yako anaitwa nani, basi anakuzungumzia wewe.

Ukiamua kubadilisha neno lolote katika mistari hiyo, hesabu upya. Watu huongeza "yangu" au "kaka" kwa heshima, mizani za kipande zikawa kumi, likawa guni, yaani shairi lililovunja kanuni, na mtunzi wa kweli hulisikia guni kabla hajamaliza kusoma. Heshima iweke nje ya mstari: "Shikamoo kaka" kwanza kama kakuzidi umri, halafu shuka chini uandike mshororo wako peke yake.

Usijibu usiku. Mstari wake ulikuja usiku, wako uende saa nne asubuhi. Naye akinyamaza siku mbili tatu, usimtumie wa pili, zamu ni yake. Na kama mstari utakaofuata utataja talaka yako kwa namna yoyote, hata kwa vina vizuri namna gani, achana na ushairi, mwandikie: "Sijapenda. Sema unachotaka kwa maneno ya wazi." Hiyo haihitaji mizani.