Gatling na Maxim: nguvu ya mzunguko inatoka wapi

“Gatling na Maxim si zote ni bombomu tu? Zinatofautianaje?”

Katika Gatling ya 1862 nguvu hutoka mkononi: mpini unapozungushwa, mitutu huzunguka, na kila mmoja hupakia, hufyatua na kutema ganda kwa zamu, ilhali Maxim ya 1884 hutumia teke la risasi yenyewe kuusukuma mtutu na kufuli yake nyuma kidogo, kisha springi hurudisha vyote mbele pamoja na risasi mpya. Risasi mbovu ndiyo huonyesha tofauti hiyo waziwazi, kwa kuwa Gatling huitema na kuendelea, ila Maxim hunyamaza mpaka mpigaji avute mpini wa pembeni. Zile za mitutu mingi za siku hizi huzungushwa aghalabu na mota.