Umbali wa taa na taima kwa miche ya nyanya

"Rafu yangu ya chuma ina tyubu mbili za LED za wati 18. Nizining'inize juu kiasi gani, na taima inakaa wapi?"

Anza na sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye majani, si kutoka kwenye udongo, na uzipandishe taa kadiri miche inavyokua. Anayeshauri taa "zikaribie kabisa" na miche yuko sawa nusu: zikiwa mbali miche inarefuka na kulegea, zikikaribia mno majani ya juu yanapauka. Taima ichomeke ukutani, ekstensheni ifuate, tyubu zote mbili humo. Wati 36 ni kidogo, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Rafu ya chuma fundi aifunge ethi. Ziwake saa 16 kwa siku. Taima ya kuzungusha husimama umeme ukikatika, na hapa Dodoma si ajabu, kwa hiyo irekebishe kila umeme urudipo.