Salamu iliyokosa nafasi ya kuitikiwa

*Mwalimu, shikamoo. Juzi nilikwenda kwa jirani yangu, mzee wa makamo, nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba ngazi yako." Alinijibu kwa ukali kwamba vijana wa siku hizi hatuna salamu. Nilikosea wapi, na nilimwamkia?*

Marahaba. Ulimwamkia, lakini hukumwachia nafasi ya kuitikia. Shikamoo bila marahaba ni salamu nusu.

Penelope Brown na Stephen Levinson, walioieleza nadharia ya upole mwaka 1978, wanasema hadhi ya mtu ina pande mbili: hupenda kuthaminiwa, na hapendi kuingiliwa katika mambo yake. Ombi hugusa upande wa pili. Mwombwaji akikubali, anatoa mali au muda wake. Akikataa, ataonekana mchoyo. Ndiyo maana salamu hutangulia kuushughulikia upande wa kwanza: mzee anatambuliwa kama mzee na jirani kabla hajawa mwenye ngazi.

Tazama mazungumzo haya:

— Hodi!
— Karibu.
— Shikamoo mzee.
— Marahaba, hujambo?
— Sijambo. Habari za hapa?
— Nzuri kidogo, ila paa linavuja, fundi namsubiri.

Hapo kijana makini ameshajua kwamba leo ngazi ina kazi. Atampa pole, ataulizia fundi, kisha ataaga. Ombi halikutamkwa, kwa hiyo hakuna aliyenyimwa wala aliyenyima. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika salamu zetu: zinamlinda mwombaji pia. Kama jibu lingekuwa "nzuri" tu, angeendelea: "Samahani mzee, nilikuwa naomba ngazi, kama huitumii." *Nilikuwa* inalisogeza ombi nyuma kidogo, na *kama huitumii* inampa mzee sababu ya kukataa bila aibu.

Nadharia hii ina mpaka wake. Inapima uzito wa ombi kwa ukaribu wa wahusika, tofauti ya mamlaka yao na ukubwa wa kinachoombwa. Kwa kipimo hicho, kuuliza saa kusingehitaji salamu, lakini kwetu inahitajika. Mwaka 1989 Sachiko Ide, akichunguza Kijapani, alionyesha kwamba upole mwingine si mbinu ya kuchagua bali ni kutambua nafasi yako mbele ya mwenzako. Shikamoo iko huko: mzee unamwamkia hata kama huna shida naye. Ukiibandika kwenye ombi kwa pumzi moja, anaisikia kama nauli ya kufikia ngazi, na hilo ndilo lililomuudhi jirani yako.

Dharura ina ruhusa yake. Mtoto akianguka kisimani, ombi hutangulia na hakuna atakayekulaumu. Hata hivyo, mambo yakitulia, utawasikia watu wakisema, "Samahani, hata salamu sijakupa," kisha wanaamkiana kuanzia mwanzo.