Mzazi akikuandikia kwa hasira, fungua karatasi ya mtoto kwanza

Wiki iliyopita mwalimu mkuu mwenzangu alinitumia meseji ya mzazi akaniuliza, "Huyu namjibuje?" Meseji yenyewe ilikuwa kali mpaka nikacheka kidogo, maana mwezi mmoja tu kabla ya hapo mimi nilipata ya kwangu, tena karibu maneno yaleyale. Nikamwambia subiri nitakuandikia vizuri, sasa nimeona niandike hapa maana najua wengi mnaokaa kwenye kile kiti mmeshapigwa na hizi.

Yangu iliingia saa nne na dakika arobaini usiku, siku tuliyotoa ripoti za muhula. "Mwalimu Mkuu, mwalimu wenu wa hesabu ana chuki na mwanangu. Muhula uliopita kapata 74, leo mnaniletea 52. Kawa mjinga ndani ya miezi mitatu? Watoto wasiojua kitu wamempita. Nataka alama irekebishwe kabla ya Ijumaa la sivyo nakwenda juu."

Niseme ukweli, vidole viliniwasha. Lakini nilishaungua. Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni kwenye cheo, mzazi aliniandikia hivihivi na mimi nikamjibu usiku uleule, ukurasa mzima, nikimtetea mwalimu wangu na kumwambia mzazi amsimamie mtoto wake nyumbani badala ya kutafuta mchawi. Karatasi ya mtoto sikuifungua. Baadaye ikaja kuonekana kurasa mbili zilikuwa zimeshikana, msahihishaji aliziruka, mtoto alikuwa anadai alama 9. Barua yangu ile ilizungushwa kwenye simu za wazazi mpaka leo kuna watu wakikutana nami wananiangalia kwa jicho lile. Mtoto akahamishwa. Sijasahau na sidhani kama nitasahau.

Kwa hiyo safari hii usiku ule niliandika mistari miwili tu: "Mama, ujumbe wako nimeupata. Kesho naanza kukagua karatasi na alama zote za mtoto, Alhamisi jioni nitakuandikia nilichokikuta." Basi. Sikuweka "samahani kwa usumbufu" maana sikuwa najua kama kuna kosa, na sikuweka "mwalimu wetu ni mzoefu" maana hilo hakuuliza. Nilichompa ni siku, na ukitaja siku uishike.

Asubuhi nikamwita mwalimu wa somo. Hapa wengi tunakosea, tunamwonyesha mwalimu meseji nzima na yale matusi yake halafu tunataka awe mtulivu. Mimi nilimwambia tu kuna mzazi anauliza alama, naomba karatasi ya mtihani, mwongozo wa kusahihishia na daftari la alama. Hata hivyo alinuna. "Mkuu, unaniamini au huniamini?" Nikamwambia nakuamini ndiyo maana nataka nikikutetea niwe na karatasi mkononi. Hakufurahi, lakini alileta.

Sasa kaa chini na zile namba. Kwetu alama ya muhula ya 100 inatoka sehemu nne: jaribio la kwanza 15, jaribio la pili 15, kazi ya mradi 10, mtihani wa mwisho 60. Mtoto huyu jaribio la kwanza alipata 16 kati ya 20, ukigeuza ni 12 kati ya 15. Mradi 8. Mtihani 53 kati ya 100, ukigeuza ni 31.8. Nikajumlisha kwa kalamu, 12 na 8 na 31.8, ikaja 51.8. Yaani ile 52 ya kwenye ripoti. Nikashtuka, maana nimejumlisha vitu vitatu wakati vinatakiwa vinne. Jaribio la pili liko wapi?

Nikafungua jedwali la mwalimu kwenye kompyuta, kisanduku cha jaribio la pili kiko tupu. Hakuna sifuri, hakuna herufi, peupe tu. Na mwisho wa mstari kuna hii:

```
=SUM(B14:E14)
```

Hiyo fomula ikikuta kisanduku kitupu haikuulizi chochote, inakiruka tu inajumlisha vilivyobaki, na kwa kuwa jumla bado inahesabiwa juu ya 100, kuruka 15 ni sawasawa na kumpa mtoto sifuri. Nikavuta rejista ya mahudhurio, siku ya jaribio hakuwepo, alikuwa mgonjwa, na cheti kipo kwenye faili la mwalimu wa darasa. Utaratibu wetu wenyewe unasema mwenye sababu ya maandishi anafanya jaribio mbadala. Hakupewa. Mwalimu hakuwa na chuki, alisahau, na cheti hakikutoka kwa mwalimu wa darasa kikamfikia yeye. Ila kwa mtoto matokeo ni yaleyale.

Ningeweza kuishia hapo nikaomba radhi, lakini mama alilalamikia usahihishaji, kwa hiyo mtihani nao ulihitaji jicho la pili. Nilikata vipande vya karatasi nyeupe nikafunika jina na kila alama ya wino mwekundu, nikapiga fotokopi, nikampa mwalimu mwingine wa hesabu pamoja na mwongozo. Ukimpa msahihishaji wa pili karatasi yenye alama za wa kwanza atafuata tu zilezile, hata kama ni mtu mwaminifu kiasi gani. Na kabla hajaanza tulikubaliana kwa maandishi, tofauti ikiwa alama 2 au chini ya hapo ya kwanza inabaki, ikizidi tunakaa watatu. Ukipanga hilo baada ya kuona jibu utaonekana umechagua linalokufaa. Akaja na 52. Wa kwanza alitoa 53. Ikabaki 53.

Karatasi yenyewe ndiyo iliyonieleza yaliyotokea. Sehemu A yenye alama 40 mtoto kapata 33, safi kabisa. Sehemu B, maswali matano ya mafumbo ya aljebra, kila moja alama 12, kafanya matatu akapata 20, mawili ya mwisho hajagusa. Alama 24 kaziacha mezani. Na mtihani wa muhula uliopita haukuwa na mafumbo ya aina ile kabisa, hivyo kulinganisha 74 na 52 moja kwa moja ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Mtoto akafanya jaribio mbadala Jumatano, akapata 11 kati ya 20, ni 8.25 kati ya 15. Jumla mpya 60.05, tunaandika 60. Alhamisi nikaandika hivi, naiweka nzima:

"Mama, habari za leo. Nimekagua alama ya hesabu ya mtoto na nimekuta kosa moja la kwetu. Jaribio la pili hakufanya kwa sababu ya ugonjwa, cheti chake tulikuwa nacho, na tulitakiwa kumpa jaribio mbadala. Hatukumpa, ikahesabika kama sifuri. Kwa hilo naomba radhi. Amelifanya jana, amepata 11 kati ya 20, na alama yake ya muhula sasa ni 60. Ripoti mpya nimeiambatanisha.

Mtihani wa mwisho umesahihishwa upya na mwalimu mwingine bila kuona jina wala alama za mwanzo. Wa kwanza alitoa 53, wa pili 52. Inabaki 53. Sehemu A amepata 33 kati ya 40. Sehemu B amepata 20 kati ya 60, maswali mawili ya mwisho hayakujibiwa. Karatasi ipo ofisini, karibu uione pamoja nami Jumatatu au Jumanne.

Kuhusu watoto wengine, alama zao siwezi kuzizungumzia, kama ambavyo za mwanao sizizungumzii na mzazi mwingine. Kuhusu chuki, alama peke yake haziwezi kunionyesha hilo. Kama kuna siku au maneno ambayo mtoto amekueleza, niambie nitalifuatilia peke yake, mbali na suala la alama. Ukiona jibu hili halikutoshi, una haki ya kulipeleka mbele, na kumbukumbu zote nitazitoa."

Angalia kosa letu limekaa juu kabisa, kabla ya 53 kubaki 53. Ukianza na "mtihani umesahihishwa sawa" halafu kosa ukalificha aya ya tatu, mzazi atalikuta na atakuona mjanja. Radhi nimeomba kwa kitu kimoja chenye jina, siyo radhi ya jumla jumla. Na kuna sentensi niliiandika nikaifuta, kwamba mwalimu huyohuyo anayesemwa ana chuki ndiye aliyempa 16 kati ya 20 jaribio la kwanza. Ni kweli, na ilikuwa tamu kuiandika, nakiri. Lakini ile sentensi kazi yake ilikuwa kumshinda mama, haikuwa na kazi nyingine. Nyie mnaopenda kushinda kwenye barua, nawaambia kama mtu aliyeshinda mara moja akapoteza mtoto, fungueni karatasi, andikeni kilichomo, fungeni.

Mama akajibu: "Nimeona. Jumatatu nakuja." Akaja, tukaitandaza karatasi mezani, akafunua mpaka ukurasa wa mwisho ulio mweupe, akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu anarudiarudia, nyumbani pia yuko hivyo, hawezi kuliacha swali alilokwishamaliza." Tukaangalia sehemu A, kweli, imefutwafutwa na kuandikwa upya majibu ambayo tayari yalikuwa sahihi. Muda wote uliishia pale. Hilo hata mwalimu hakuwa ameliona. Tulikubaliana mazoezi ya kufanya sehemu B kwa saa ya mezani, mbele ya mwalimu huyohuyo, na mama mwenyewe ndiye aliyesema iwe kwa mwalimu huyohuyo.

Mwalimu mpaka leo ananisalimia kwa mbali kidogo. Nimemwelewa.

Ila nilirudi kwenye lile jedwali nikashuka mstari mmoja mmoja, nikakuta visanduku vingine viwili vitupu, watoto wawili ambao wazazi wao hawakuandika chochote. Mmoja alikuwa na cheti, mwingine alikuwa na barua ya nyumbani. Nao wakafanya jaribio, nao ripoti zikabadilishwa, na sasa hivi asiyekuwepo anaandikwa H, na fomula imebadilishwa ili jedwali likikuta H lisitoe jumla mpaka mtu aamue. Nilipompigia baba wa mmoja kumweleza alama ya mwanae imepanda, akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwani mimi nililalamika, Mwalimu?"