Video 40 za kuku, orodha moja inayoitwa "Video zangu"

Msomaji anayefuga kuku chotara ameniandikia kwamba ana video 40 YouTube, na mtu akitazama moja haigusi ya pili. Video zenyewe si mbaya. Lakini vichwa vingi vinaanza na "Ufugaji bora wa kuku sehemu ya…", orodha ya video ni moja tu, na maelezo ni yale yale kila mahali: namba ya simu na ombi la kusabskraibu.

Mada kuu ya chaneli ni kuku, ibaki hiyo. Chini yake panatosha mafungu matano: vifaranga, chakula, chanjo na magonjwa, banda, soko. Kujua video ikae fungu gani, jiulize aliyemaliza kuitazama atauliza nini. Aliyejifunza kuchanja kideri atataka kujua chanjo inayofuata ni ya lini. Bei ya trei ya mayai haimhusu kwa sasa. Video ya harusi ya shemeji haina fungu hapo, ifichwe isionekane hadharani.

Tuchukue fungu la chanjo. Video mama ni ya ratiba nzima, na nyingine zinaizunguka: kideri, gumboro, ndui, kubeba chanjo kwenye barafu, na maji ya kuchanganyia (maji ya bomba yenye klorini huua chanjo hai, na hilo peke yake linastahili video). Kila moja ijibu swali lake. Video mbili zikijibu swali moja kwa vichwa vinavyofanana, zinagombania mtazamaji yule yule.

Sasa kichwa. "Ufugaji bora wa kuku sehemu ya 14" kiwe "Chanjo ya kideri kwa vifaranga: jinsi ya kuchanganya". YouTube inaruhusu herufi 100, ila simu hukata mapema, kwa hiyo jina la ugonjwa likae mwanzoni. Namba ya sehemu iondoke, kwa sababu anayekuta sehemu ya 14 anahisi amekosa 13 zilizotangulia na anapita.

Kwenye maelezo, mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi. Hapo ndipo pa kuweka majina mengine ya kitu kile kile. Ugonjwa huu wapo wanaouita kideri, wapo wanaouita mdondo, na wafugaji wengi wa Kenya wanaandika Newcastle. Yaweke ndani ya sentensi, maana rundo la maneno matupu linakiuka kanuni za YouTube. Chini yake weka kiungo cha video mama, lakini kiwe kile kinachobeba orodha:

```
Kideri (mdondo, Newcastle) huua vifaranga haraka.
Hapa tunachanganya chanjo yake hatua kwa hatua.

Ratiba nzima ya chanjo:
https://www.youtube.com/watch?v=VIDEO&list=ORODHA
```

Kipande cha `&list=` ndicho muhimu. Anayebonyeza anaingia ndani ya orodha, na video inayofuata inakuwa yako. Ukiweka kiungo kitupu, inayofuata inachaguliwa na YouTube, na huenda ikawa ya jirani.

Orodha yenyewe ipe jina ambalo mtu angeliandika akitafuta: "Chanjo za kuku: ratiba na magonjwa". Ipange kwa mkono kufuata umri wa kifaranga. Tarehe ya kupandisha video isikuongoze. Kosa ninaloliona mara nyingi ni video moja kutiwa kwenye orodha zote tano. Hapo mafungu yanakuwa yale yale kwa majina tofauti, na mtazamaji anakutana na video aliyokwisha kuiona. Kwenye sekunde 20 za mwisho, elekeza kwenye video moja ya fungu hilo, na uitaje kwa mdomo.

Usibadilishe vichwa 40 kwa siku moja. Video inayoletewa watu na utafutaji iachie kichwa chake, rekebisha maelezo na orodha tu. Anza na zilizolala, na andika pembeni kichwa cha zamani ili uweze kukirudisha.

Baada ya wiki nne fungua YouTube Studio, kwenye Analytics, uangalie watazamaji wametoka wapi. Ukibonyeza "Suggested videos" utaona majina ya video zilizowaleta. Zikianza kuonekana za fungu lako mwenyewe, kwa mfano gumboro inaleta watu kwenye kideri, viungo vimeshika. Ikiwa video inaonyeshwa kwa watu wengi lakini wanaobonyeza ni wachache, tazama kichwa na picha ya jalada. Na kama wanabonyeza kisha wanaondoka dakika ya kwanza, mpangilio hautasaidia. Rudi uitazame dakika hiyo. Mara nyingi ni salamu ndefu na muziki, na chupa ya chanjo bado haijaonekana.