Mkuu, simamisha hilo tangazo la vipindi vinne

"Wakuu, napanga ratiba ya mitihani ya chuo chetu. Hakuna mwanafunzi mwenye mitihani zaidi ya 4, hata wanaorudia masomo hawazidi hapo, kwa hiyo nataka kutangaza vipindi 4, siku mbili tumalize. Programu gani nzuri ya kupangia? Na vyumba vidogo nigawanyeje?"

Kama hujabandika hilo tangazo, usibandike. Kama umeshabandika, litoe leo. Hiyo 4 inakuambia tu kwamba huwezi kushuka chini ya vipindi 4. Kama vinatosha au havitoshi, haijui. Mimi niliyachanganya mambo hayo mawili, na walioumia ni wanafunzi wanne ambao hawakuwa na kosa lolote.

Tulikuwa na masomo sita. Stadi za Mawasiliano walisoma wote. Juu ya hilo kila mmoja alikuwa na masomo mawili ya mkondo wake: Uhasibu na Takwimu, Takwimu na Uchumi, Uchumi na Sheria, au Sheria na Masoko. Kila mwanafunzi mitihani 3, basi tukasema vipindi 3. Na kwa mikondo hiyo vilitosha kweli: Stadi kipindi cha kwanza, Uhasibu, Uchumi na Masoko cha pili, Takwimu na Sheria cha tatu. Tukatangaza, tukakodi ukumbi, tukapanga wasimamizi.

Kisha wakasajiliwa wanne wa mwaka uliotangulia, kutoka mkondo uliokuwa umefutwa. Walikuwa wanarudia Masoko na Uhasibu tu. Mitihani miwili! Hakuna aliyekuwa na michache kuliko wao chuo kizima. Nilimuuliza mtaalamu tuliyekuwa tumemlipa, akanijibu bila hata kufungua orodha: "Anayeamua ni mwenye mitihani mingi. Hao wana miwili, hawabadilishi kitu." Mpaka leo jibu hilo linanikera, maana mtu anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kuchora mstari mmoja tu kwenye karatasi na angeona.

Usiku wa kuamkia mtihani, nikichapa orodha za mahudhurio, nikaona namba zile zile za usajili kwenye vyumba viwili, kipindi kile kile cha pili. Nikaanza kuhamisha. Masoko nikaipeleka cha tatu, ikagongana na Sheria. Sheria nikairudisha cha pili, ikagongana na Uchumi. Uchumi ikaenda cha tatu, ikaikuta Takwimu. Takwimu ikaja cha pili, ikaikuta Uhasibu. Uhasibu nikaipeleka cha tatu, na nani yuko huko? Masoko. Nilikuwa nimezunguka duara zima nikarudi kwenye mgongano ule ule wa wale wanne.

Chora sasa, uone kwa nini. Kila somo ni nukta. Masomo mawili yenye angalau mwanafunzi mmoja wa pamoja, unganisha kwa mstari. Kipindi ni rangi, na nukta mbili zilizounganishwa haziruhusiwi rangi moja. Idadi ndogo kabisa ya rangi zinazotosha ndiyo namba ya kromatiki. Mwanzoni masomo yetu matano ya mkondo yalikuwa mnyororo: Uhasibu, Takwimu, Uchumi, Sheria, Masoko. Mnyororo unapakwa rangi mbili kwa kupokezana. Wale wanne waliunganisha ncha zake, Masoko na Uhasibu, ukawa duara la nukta tano. Duara la idadi witiri halipakiki kwa rangi mbili, kwa sababu ukipokezana unamaliza na rangi ile ile uliyoanza nayo, na mwisho sasa umepakana na mwanzo. Linahitaji tatu. Stadi imeungana na masomo yote matano, kwa hiyo inataka rangi yake peke yake. Jumla 4. Kuhamisha hamisha usiku kucha kusingebadilisha hilo.

Angalia kilichofichika hapo. Mwanafunzi mwenye mitihani 3 anakupa kundi la nukta 3 zilizoungana zote kwa zote, na kundi la namna hiyo ndilo linaloweka kiwango cha chini. Baada ya wale wanne kuingia, kundi kubwa kuliko yote liliendelea kuwa la nukta 3. Kipimo hakikutikisika, lakini jibu lilipanda kutoka 3 hadi 4. Na pengo hilo halina mwisho: mwaka 1955 Jan Mycielski alionyesha jinsi ya kujenga grafu, yaani michoro kama huu wa nukta na mistari, zisizo na hata pembetatu moja ambazo namba yake ya kromatiki ni kubwa kadiri utakavyo.

Asubuhi wale wanne walifanya Uhasibu, kisha wakazuiliwa chumbani na msimamizi mpaka mchana ndipo wakapewa Masoko. Kamati ya matokeo ikakataa alama zao za Masoko kwa sababu wenzao walikuwa wameshatoka na karatasi. Ukatungwa mtihani mpya, ukumbi ukakodiwa tena, na mmoja wao, aliyekuwa ameshaanza kibarua mkoa mwingine, akasafiri kwa nauli yake.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kimoja: tangaza idadi ya vipindi vya ratiba ambayo tayari unayo mkononi, iliyokaguliwa mstari kwa mstari. Ratiba halisi isiyo na mgongano ni kiwango cha juu, na hicho hakikuangushi. Mistari itoe kwenye usajili wa mtu mmoja mmoja, usiitoe kwenye orodha ya mikondo, maana mikondo haiwajui wanaorudia:

```python
from itertools import combinations

mistari = set()
for masomo in usajili.values():
    for a, b in combinations(sorted(masomo), 2):
        mistari.add((a, b))

migongano = [(a, b) for a, b in mistari
             if kipindi[a] == kipindi[b]]
```

`usajili` inashika masomo ya kila namba ya usajili, `kipindi` inashika kipindi cha kila somo. `migongano` isipotoka tupu, hakuna kutangaza.

Kupata ratiba yenyewe, anza na njia ya Welsh na Powell ya mwaka 1967, waliyoiandika wakiwa na ratiba akilini. Panga masomo kuanzia lenye majirani wengi, yaani masomo yaliyounganishwa nalo kwa mstari, kisha kila somo lipe kipindi cha kwanza kisichokuwa na jirani yake. Wana pia kiwango cha juu unachokokotoa kabla ya kupanga: kwa somo la nafasi ya i, chukua ndogo kati ya i na idadi ya majirani wake ukiongeza 1, kisha utafute kubwa kuliko zote. Kwetu Stadi ilikuwa na majirani 5, mengine 3 kila moja. Orodha inatoka 1, 2, 3, 4, 4, 4. Kubwa ni 4. Yaani dakika tano za kalamu zingeniambia kwamba 4 vinatosha kwa hakika, na lile duara lingeniambia kwamba 3 haviwezekani. Chini na juu vinakutana, hakuna cha kubishania.

Kwako huenda visikutane. Ukipata ratiba ya 6 na kundi kubwa ni la 4, jaribu njia ya Brélaz ya 1979: kila hatua chagua somo ambalo majirani wake wameshachukua vipindi tofauti vingi zaidi. Ikishuka hadi 5, tafuta duara la witiri ambalo nukta zake zote zimeungana na masomo mawili yanayogongana yenyewe kwa yenyewe. Ukilipata, 5 ndiyo mwisho, acha kuhangaika. Usipolipata na muda umekwisha, tangaza 5 ulizonazo, si 4 unazotamani.

Tuma hapa orodha ya jozi za masomo yako bila majina ya wanafunzi, nitaichora leo usiku.